Nakala kwa Mkuu wa Wilaya

Barua ya kwanza niliiandika kwa dakika ishirini kwenye steshenari ya karibu na stendi ya Kasulu, nikiwa nimesimama, na nilipoisoma nikajipongeza. Ilikuwa na anuani mbili, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari na aya nne zilizofuatana kama hoja za mahakamani. Mwishoni, chini ya sahihi yangu, iliorodhesha wanaopata nakala: Mtendaji wa Kata, Mheshimiwa Diwani, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mkuu wa Wilaya. Nina shahada ya utawala wa umma. Nilijua nani yuko juu ya nani, na nilitaka mwenyekiti wetu wa mtaa ajue kwamba najua.

Jambo lenyewe lilikuwa maji. Mtaa wetu uko kwenye mteremko, na chini kabisa, bondeni, kuna chemchemi. Bomba tunalo, lakini bomba lina siku zake. Chemchemi haina siku. Mama yangu ana kibanda cha chai juu ya barabara, na kwa miaka yote niliyosoma, kuanzia daftari la kwanza hadi joho la mahafali, nimesomeshwa na maji yale: chai, maandazi, maharage na mihogo ya kuchemsha. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kujitolea mwaka mzima kwenye ofisi moja huko Kibondo, sina ajira, nina maoni mengi, na asubuhi ya pili nikaona mama anachuja maji kwa kitambaa.

"Unachuja nini?" nilimuuliza.

"Darasa," akasema.

Alimaanisha tofali. Mtaa ulikuwa umeamua kujenga darasa ili watoto wadogo wasivuke barabara kubwa kwenda shule ya mbali. Wananchi walete tofali na mawe, wainue boma, halafu serikali imalizie. Ndivyo inavyokwenda. Na mahali rahisi pa kufyatulia tofali ni pale penye udongo laini na maji karibu, yaani bondeni, juu kidogo ya chemchemi. Vijana walichimba shimo, wakachimba la pili. Mvua za kwanza ziliponyesha, shimo likawa bwawa jekundu, na bwawa likaanza kushukia kwenye chemchemi yetu.

Wateja wa mama hawakugomba. Walipungua tu. Fundi baiskeli aliyekuwa akinywa vikombe viwili akawa anakunywa kimoja, halafu akagundua kwamba tumbo lake halipatani tena na chai. Mama alianza kuamka mapema kwenda chemchemi ya ng'ambo ya pili, dumu kichwani na dumu mkononi, na nyonga yake si ya kupanda ule mlima mara tatu kwa siku. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika, kwa kompyuta.

Nilipomwonyesha barua mjumbe wetu wa nyumba kumi, mama mmoja aliyestaafu uuguzi ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu, aliisoma akiwa ameishika mbali na macho.

"Mbona haijapita kwangu?"

"Bibi, kisheria si lazima ipite kwako. Mjumbe ni wa chama. Mwenyekiti wa mtaa ni wa serikali."

"Aa." Akanirudishia. "Na wewe ulipozaliwa saa nane za usiku, aliyembeba mama yako kwenye baiskeli mpaka hospitali alikuwa mume wangu. Sijui alikuwa wa chama au wa serikali."

Nilicheka. Hakucheka. Nikaondoka na barua yangu.

Mwenyekiti wetu ni fundi cherehani. Ofisi ya mtaa ni chumba kimoja chenye benchi na bendera, lakini asubuhi anayemtafuta humkuta barazani kwake, mguu kwenye pedeli, pini mdomoni. Mhuri wa mtaa hukaa kwenye droo ya cherehani pamoja na vibobini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mwenyekiti," na kabla hajamaliza "marahaba" nilikuwa nimeshamnyooshea bahasha. Huku kwetu salamu haiendi hivyo. Mtu humpigia mkubwa wake makofi ya taratibu, mkono juu ya mkono, huku akiuliza habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja, na mkubwa naye huuliza. Nilikuwa nimeshaamua kwamba huo ni upotevu wa muda.

Aliitoa barua, akaanza kuisoma kutoka chini. Sikuwahi kuona mtu anayesoma barua kutoka chini. Kidole chake kilianza kwa Mkuu wa Wilaya, kikapanda kwa Mkurugenzi, kikapanda kwa Diwani, na kilipofika kwenye sahihi yangu kikasimama. Sidhani kama alisoma aya zangu nne.

"Nakala umeshazipeleka?"

"Bado. Jumatatu."

Akaikunja, akaiweka kwenye droo, akatoa pini mdomoni.

"Basi subiri majibu ya hao wakubwa, binti. Mimi ni mdogo."

Akakanyaga pedeli, na cherehani ikanifukuza.

Kesho yake hakuja kunywa chai. Mwenyekiti alikuwa na kiti chake kwa mama, kile chenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, na hajawahi kukikosa asubuhi isipokuwa ana msiba. Hata chai ilipoanza kuwa na udongo alikuja. Alilalamika, lakini alikuja. "Mama, chai yako siku hizi ina rangi kabla ya kutia majani," alikuwa akisema, na watu wakacheka. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu, mkewe alipita upande wa pili wa barabara akamwamkia mama kwa mbali.

Mama alifuta mikono, akaja nilikokuwa nimekaa na simu.

"Umemwandikia nini mwenyekiti?"

Nikamsomea. Nilisoma kwa sauti nzuri, kwa sababu bado niliipenda. Alisikiliza mpaka kwenye neno "uzembe," akainua kidole. Nikaendelea. Nilipofika kwenye nakala akakaa chini.

"Wewe umemwomba au umemshitaki?"

"Nimeomba mkutano, mama. Hapa, aya ya nne."

"Aya ya nne." Alirudia kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna chumvi kwenye chakula kilichokwisha kuungua. "Mtu anakuja kwako asubuhi, amekuletea barua, na nyuma yake wamesimama Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi. Utasoma aya ya nne?"

Nikamwambia ukweli ni ukweli hata ukisomwa na nani. Nikamwambia viongozi wetu wamezoea kubembelezwa, na adabu nyingi ndiyo inayofanya mambo yasiende. Niliyasema kwa ukali kwa sababu niliyaamini, na mengine bado nayaamini.

Mama hakupinga. Aliniambia jambo ambalo sikulijua, kwa sababu nilikuwa Kibondo wakati linatokea. Zile tofali, mwenyekiti ndiye aliyeziomba. Alipita nyumba kwa nyumba jioni baada ya kazi, nyumba zote, hata za wasiompigia kura. Mtoto wa jirani alikuwa amegongwa na pikipiki pale barabarani akienda shule, akapona, na mwenyekiti akaapa mkutanoni kwamba darasa litasimama huku upande wetu. Kata nzima ilikuwa inamwangalia. Sasa barua inayosema kwamba tofali za darasa zinaharibu chanzo cha maji ikitua juu kwanza, kabla hajaulizwa, kitakachofuata si mkutano. Litakuja gari, shimo litafungwa, tofali zitaachwa zinyeshewe, na mwenyekiti atakuwa yule aliyeharibu maji.

"Na darasa?" niliuliza.

"Darasa utalijenga wewe na nakala zako."

Nilitoka nje. Nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni kwamba somo hili lilikuwa la fani yangu mwenyewe. Chuoni tulichora ngazi za serikali za mitaa kwa mishale, mishale ya kupanda na ya kushuka. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu wa ngazi ya chini akiona mshale umempita juu ya kichwa, anajua ametupiwa yeye.

Barua ya pili tuliiandikia kwa mjumbe, mezani kwake, mchana, watu watatu: mjumbe, mama na mimi. Nilianza kwa kuomba radhi. Mjumbe akasema, "Kaa, andika. Radhi haina mhuri." Walibishana juu ya kila neno kama watu wanaonunua kitenge. "Uzembe" likatoka. "Tunadai" likatoka. "Tumesikitishwa" mama alilipima kidogo, akasema watu wazima hawasikitiki kwenye barua, liondoke. Mjumbe alitaka tuanze na pongezi kwa kazi ya darasa. Nikasema hiyo ni kubembeleza.

"Darasa linajengwa au halijengwi?" mjumbe aliniuliza.

"Linajengwa."

"Basi ni ukweli. Si ulisema wewe ni mtu wa ukweli?"

Nikaandika pongezi. Lakini kulikuwa na sentensi moja niliyoikalia kama kuku, ile ya mita sitini. Sheria inakataza shughuli za watu ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji, na shimo letu lilikuwa ndani, mtu yeyote angeliona. Mjumbe alisema sheria kwenye barua ni fimbo. Nikasema bila sheria tutajadili ladha ya chai tu. Walitazamana. Mama ndiye aliyeamua: "Iache. Ila usiseme nani ameivunja." Kwa hiyo nikaondoa nakala nne, wao wakanipa sentensi moja. Hii ndiyo barua:

"Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Kupitia kwa Mjumbe. Yah: Ombi la kukutana kuhusu chemchemi ya bondeni. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi tunaochota maji bondeni tunaupongeza uongozi wako kwa ujenzi wa darasa, ambalo ni la watoto wetu. Tangu mvua zianze, maji ya chemchemi yamechafuka kwa udongo. Sheria inataka mita sitini kati ya chanzo cha maji na shughuli za watu. Tunakuomba utupe nafasi ya kukutana nawe, na ukiona inafaa, uitishe mkutano wa mtaa, ili tupate njia ya kuwa na darasa na maji. Tunatanguliza shukrani."

Mjumbe akaandika juu ya jina lake, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa wodini: "Imepita kwangu. Naomba wasikilizwe." Zikafuata sahihi za wachotaji, na waliosaini kwa dole gumba niliwashika mkono mwenyewe.

Tulikwenda asubuhi ya Jumatano. Mjumbe alitangulia, mama akafuata, mimi nyuma na khanga mabegani. Mjumbe alipiga makofi yale ya taratibu, akaamkia kwa kilugha chetu, "Mwakeye," nasi tukafuata. Mwenyekiti akainuka kwenye cherehani, akapiga yake. Wakaulizana habari za mke, za watoto, za mahindi, za mguu wa shemeji wa mjumbe aliyeko Kitanga. Nilihesabu moyoni muda unaopotea, halafu nikaona kitu kinachotokea kwenye uso wa mwenyekiti: taya lilikuwa linalegea, jibu baada ya jibu, kama fundo linalofunguliwa na mtu mwenye kucha nzuri.

Ndipo mjumbe akatoa barua. Safari hii mwenyekiti alisoma kutoka juu. Kwenye mita sitini alisimama, akanitazama.

"Hii ni yako."

"Ni yangu, mwenyekiti. Na hizi pia." Nikamwekea juu ya cherehani bahasha nne za nakala, zikiwa bado zimefungwa. "Sikuzipeleka. Nilikosea kuziandika kabla ya kuongea nawe."

Nilitegemea azichane. Angezichana, ningeelewa, na pengine ningemdharau kidogo. Alizipanga, akazisawazisha pembe kama vipande vya kola, akanirudishia.

"Zitunze. Mkutano nitauitisha. Nisipouitisha ndani ya wiki mbili, zilete hapa nizigongee mhuri mwenyewe, uzipeleke huko juu. Zitakuwa zimepita kwangu."

Akavuta droo, akasukuma vibobini pembeni, akatoa mhuri na kuigonga barua ya pili. Akaandika tarehe.

Kamati ya mtaa ilikaa kwanza, kama inavyotakiwa, ikapanga ajenda. Tangazo likabandikwa ofisini, na kijana mwenye kipaza sauti akazunguka na baiskeli siku mbili. Jumamosi tulikutana kwenye kiwanja cha darasa, watu wameketi juu ya mawe ya msingi. Mtendaji wa mtaa, ambaye ndiye katibu, alipitisha daftari la mahudhurio, akasoma ajenda, akasoma barua yetu neno kwa neno. Niliinama nisionekane kwamba midomo yangu inasoma pamoja naye.

Vijana wa tofali walisimama wa kwanza.

"Tunajitolea halafu tunaambiwa tunachafua maji," alisema mmoja, mrefu, matope yamemkaukia magotini. "Mnataka tufyatue tofali mbinguni?"

"Mbinguni hakuna udongo," mama mmoja akamjibu. "Ila ukiendelea kunywa maji hayo utafika mapema ukaangalie."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Lakini swali lake lilikuwa zuri. Mwingine akasema shimo si karibu kihivyo, hizo mita sitini ni za kwenye karatasi, huenda shimo liko mita sabini. Mabishano yakaanza: ni hamsini, ni themanini, wewe umepima kwa nini, kwa macho.

Mwenyekiti alisimama. Alivua futi ya kushonea iliyokuwa shingoni mwake, ile anayopimia viuno vya watu, akaomba kamba ya katani. Futi ile ni mita moja na nusu. Mbele ya wote akaanza kupima kamba, futi baada ya futi, na watu wakahesabu kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Walipofika arobaini akafunga fundo.

"Mita sitini," alisema. "Twendeni."

Mkutano mzima ukashuka bondeni. Alinipa mimi ncha ya kwanza nisimame penye jicho la maji. Yeye akashika fundo, akapanda. Alipita shimo la kwanza, kamba bado imelegea. Akapita la pili. Akapita zile tofali mbichi zilizofunikwa kwa nyasi, akazidi kupanda mpaka kamba ikakaza, na alikosimama kulikuwa juu sana, karibu na mgomba wa mtu. Aligeuka tu, akatazama chini kwenye mashimo yake mwenyewe, mbele ya watu aliowaomba wayachimbe, na akabaki ameinua mkono wenye fundo ili kila mtu aone.

Nimeona watu wenye vyeo wakikataa makosa madogo kuliko hayo. Nikiwa nimeshika ncha yangu, miguu ndani ya maji mekundu, nilijivunia kwamba mtu yule ni mwenyekiti wetu.

Mjumbe ndiye aliyeanza kusema. Kwenye shamba lake, juu, karibu na darasa, kuna kichuguu kikubwa. "Udongo wa kichuguu hautoi tofali inayopasuka," alisema. "Kichukueni. Kimenichosha kukizunguka na jembe." Yule kijana mrefu akauliza maji ya kukandia yatatoka wapi huko juu. Mama yangu, ambaye hajawahi kusema mkutanoni, akanyoosha mkono.

"Kila nyumba dumu moja. Mimi nitaanza na mawili, nimeshazoea kupanda."

Katibu akaandika kwenye muhtasari: ufyatuaji uhamie kwenye kichuguu, mashimo yafukiwe, ukingo wa chemchemi upandwe majani, kila nyumba dumu moja. Waliokubali wakanyoosha mikono. Sikuona mkono uliobaki chini.

Tofali mbichi zilizokuwa bondeni tulizipandisha siku iliyofuata, watu wamejipanga mlimani, mkono kwa mkono, kabla mvua haijazigeuza udongo. Nilikuwa kati ya fundi baiskeli na mke wa mwenyekiti. Nilipoangusha moja, mke wa mwenyekiti akasema, "Hiyo nakala ya nani?" na mstari mzima ukanicheka mpaka juu.

Maji hayakutakata siku hiyo wala wiki hiyo. Yalianza kwa rangi ya chai, yakawa rangi ya majani makavu, halafu asubuhi moja mama alishusha dumu, akamimina kwenye glasi, akaiinua kwenye mwanga wa mlango na kuniita. Hakukuwa na kitu cha kuona, na tulikitazama muda mrefu. Kitambaa cha kuchujia akakifua, akakirudisha kuwa cha kufunikia maandazi.

Bado nauliza maswali. Ingekuwaje kama mwenyekiti angekuwa mtu mwingine, wa kuweka barua kwenye droo na kuisahau? Taratibu nzuri mikononi mwa mtu mbaya ni droo tu. Ndiyo maana bahasha nne sikuzitupa. Ziko kwenye begi langu la vyeti, na nina ahadi ya mwenyekiti ya kuzigongea mhuri.

Mwenyekiti alirudi kwenye kiti chake chenye mguu wa mpira. Alikunywa, akaomba kikombe cha pili, akamwambia mama, "Sasa rangi inatoka kwenye majani." Halafu akanigeukia. Boma lilikuwa limefika kwenye lenta, juu ya madirisha, na sasa ilikuwa zamu ya serikali kuezeka. Akataka nimwandikie barua kwa Mkurugenzi, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, yeye ataisaini.

Nilichukua kalamu, nikamwomba mama afute meza.

"Tutaanza na shukrani?" nilimuuliza mwenyekiti.

"Tuanze na shukrani." Akapuliza chai yake. "Na hii, binti, weka nakala. Weka zote."